Simpleksi kwenye karatasi inatisha, mbona kazini ndiyo inayomaliza haraka?

Kokotoo · #1

Wakuu, habari zenu. Naomba kueleweshwa jambo linalonisumbua.

Darasani tulifundishwa kwamba algoriti ya muda wa polinomia ni nzuri, na ya muda wa kipeo ni mbaya. Nikija kwenye programu za mstari naona mambo yamegeuka. Simpleksi ya Dantzig ni ya 1947. Mwaka 1972 Klee na Minty walionyesha tatizo ambalo simpleksi inazunguka kona zote 2^n kabla ya kufika kwenye jibu. Mwaka 1979 Khachiyan akathibitisha kwamba mbinu ya elipsoidi inamaliza kwa muda wa polinomia. Kwa hesabu ya darasani, kesi ilitakiwa iishie hapo.

Lakini modeli yangu ya kazini ina vikwazo kama 40,000, na simpleksi inaimaliza kwa pivoti zisizofika hata mara mbili ya idadi ya vikwazo. Elipsoidi haimo kabisa kwenye machaguo ya solva ninayotumia. Je, nadharia inapima kitu ambacho hakipo duniani, au kuna kitu sijakielewa?

Nusukipenyo · #2

Mkuu jibu ni fupi. Mfano wa Klee na Minty umetengenezwa makusudi. Hakuna mtu anayekutana nao kazini. Kesi mbaya ni chache, kesi nzuri ni nyingi, basi.

BiTarakimu · #3

Nusukipenyo, hilo ni kweli lakini halielezi kitu. Algoriti nyingi zina mifano mibaya iliyotengenezwa makusudi, na kazini zinaenda vibaya vilevile. Swali la Kokotoo ni kwa nini hii mifano mibaya haitokei yenyewe. Ili kulijibu inabidi kuufungua huo mfano tuone ubaya wake umekaa wapi. Chukueni wa vigeu vitatu:

```
ongeza:  100 x1 + 10 x2 + x3
         x1                    <= 1
         20 x1 + x2            <= 100
         200 x1 + 20 x2 + x3   <= 10000
         x1, x2, x3 >= 0
```

Anza kwenye sifuri tatu. Kanuni ya asili ya Dantzig inasema ingiza kigeu chenye namba kubwa zaidi kwenye mstari wa lengo. Hapo ni x1, kwa sababu ya ile 100. Lakini x1 inabanwa na kikwazo cha kwanza, inaishia 1, na lengo linafika 100 tu. Kisha inaingia x2 hadi 80, lengo 900. Sasa angalieni kinachofuata: x1 inatolewa, inarudi sifuri, x2 inapanda hadi 100 na lengo linakuwa 1,000. Ndipo x3 inapoingia kwa mara ya kwanza, na lengo linaruka hadi 9,000. Halafu mchezo wote wa x1 na x2 unarudiwa kinyumenyume: 9,100, kisha 9,900, kisha 10,000.

Pivoti saba, kona nane, zote zimekanyagwa. Na jibu la mwisho ni x1 = 0, x2 = 0, x3 = 10,000. Yaani lilikuwa pivoti moja tu kutoka tulipoanzia, kama tungeingiza x3 mwanzoni.

Ukiwa na vigeu 50 wa namna hiyo, pivoti ni 2^50 toa moja. Kompyuta ya pivoti milioni kwa sekunde ingehitaji zaidi ya miaka 35.

Jedwali_Tupu · #4

Kwa anayetaka kuona kwa macho yake, hii ni simpleksi ya jedwali kavu kabisa, haina urembo wowote wa solva:

```python
import numpy as np
T = np.array([[1,   0,  0, 1, 0, 0, 1],
              [20,  1,  0, 0, 1, 0, 100],
              [200, 20, 1, 0, 0, 1, 10000],
              [-100,-10,-1, 0, 0, 0, 0]], float)
while T[-1, :-1].min() < 0:
    j = T[-1, :-1].argmin()
    r = [T[i,-1]/T[i,j] if T[i,j] > 0 else np.inf for i in range(3)]
    i = int(np.argmin(r))
    T[i] /= T[i, j]
    for k in range(4):
        if k != i:
            T[k] -= T[k, j] * T[i]
    print(T[-1, -1])
```

Inachapisha 100, 900, 1000, 9000, 9100, 9900, 10000, kama alivyosema BiTarakimu. Ukilipeleka tatizo hilohilo kwa `linprog` ya SciPy na `method="highs-ds"`, usitegemee kuona saba. Pale kuna usafishaji wa awali, kuna upimaji upya wa namba, na kanuni ya kuchagua kigeu ni nyingine.

Mzamivu · #5

Mimi simpleksi imeniangusha vibaya. Nilikuwa natafuta vigezo vya mkunjo upite karibu na data zangu, vigezo sita. Ikawa inasinyaa polepole, inasimama sehemu ambayo siyo jibu, nikibadilisha pa kuanzia inasimama pengine. Kwa hiyo hiyo habari ya kwamba ni ya haraka sikubaliani nayo.

Nusukipenyo · #6

Mzamivu mkuu, umeingia harusi ya jirani. Hiyo uliyotumia ni ya Nelder na Mead ya 1965, ile inayosogeza pembe zake juu ya mlima wowote uliopinda. Ni simpleksi kwa jina. Hapa tunazungumzia ya Dantzig, lengo mstari na vikwazo mstari, ambayo haiwezi kukwama kwenye jibu la uongo.

Mzamivu · #7

Nimekusoma. Nabaki kusikiliza.

FundiRatiba · #8

Kokotoo, mimi napanga zamu za wafanyakazi, kwa hiyo vigeu vyangu vingi ni ndiyo au hapana. Nitakwambia kinachofanya simpleksi isiondoke kwenye meza yangu.

Solva inaanza kwa kuruhusu nusunusu. Inapata jibu, labda mtu fulani anafanya zamu ya usiku kwa 0.4. Inagawa njia mbili: huku kigeu hicho kiwe 0, kule kiwe 1. Kila njia ni programu ya mstari mpya, lakini inatofautiana na ile ya mwanzo kwa mpaka mmoja tu. Simpleksi ya duali inachukua kona ileile ya mwisho, inaona kikwazo kimoja kimevunjika, inafanya pivoti chache, inamaliza. Kisha inagawa tena, na tena, maelfu ya mara.

Mbinu za ndani, zile za ukoo wa Karmarkar wa 1984, haziwezi hivyo. Jibu la zamani kwao ni mahali pabaya pa kuanzia, kwa sababu limeganda ukutani na wao wanataka kuanza katikati ya uwanja. Karibu kila tawi inakuwa kama kuanza upya. Nimejaribu kwenye modeli yangu: tatizo la kwanza mbinu ya ndani ilishinda, lakini kazi nzima iliachwa mbali.

Kokotoo · #9

Asante FundiRatiba, hilo nimelipata. Lakini linaeleza kwa nini simpleksi *inapendwa*, halielezi kwa nini ni ya haraka ikianza kutoka sifuri. Modeli yangu haina ndiyo wala hapana hata moja.

Pembetano · #10

Jibu lako liko kwenye jiometria. Umbo la vikwazo lina kona nyingi mno, lakini kutoka kona yoyote kwenda nyingine njia ni fupi. Kuna hoja ya Hirsch ya 1957: umbo la dimensheni d lenye nyuso n, hatua hazizidi n toa d. Simpleksi inatembea kwenye kingo, kwa hiyo inatumia njia hizo fupi. Ndiyo maana Dantzig mwenyewe kwenye kitabu chake cha 1963 anasema kwa matatizo madogo ya siku zile, vikwazo chini ya 50, pivoti kwa kawaida zilikuwa chini ya mara moja na nusu ya idadi ya vikwazo, na ni nadra kufika mara tatu.

BiTarakimu · #11

Pembetano, hiyo takwimu ya Dantzig ni sahihi na inalingana na anachokiona Kokotoo. Sababu uliyoipa ndiyo ina matundu mawili.

La kwanza, hoja ya Hirsch imeanguka. Francisco Santos alitangaza mwaka 2010 umbo la dimensheni 43 lenye nyuso 86 ambalo njia yake inazidi 43. Mpaka leo hakuna aliyethibitisha kwamba njia fupi ya kiwango cha polinomia ipo kwenye kila umbo.

La pili ni kubwa zaidi. Hata njia ikiwa fupi, nani anakuonyesha? Kwenye mfano wangu wa #3 njia fupi ilikuwa hatua moja, na simpleksi ikaenda saba. Urefu wa njia ni sakafu ya pivoti, hauwi dari.

Pembetano · #12

Sawa, kuhusu Santos nakubali. Lakini kama njia ndefu zingekuwa za kawaida, hakuna kanuni ya pivoti ambayo ingetusaidia. Ufupi wa njia ni sharti la lazima, hilo siliachii.

MzeeMatriki · #13

Vijana, mnaichunguza simpleksi peke yake. Igeuzeni upande wa pili: muulize kwa nini elipsoidi ni ya polepole. Mimi naona hapo ndipo pana fundisho.

Elipsoidi inaanza na yai kubwa lenye jibu ndani. Inakata katikati, inachukua nusu yenye jibu, inaizungushia yai jipya dogo zaidi linaloweza kuifunika. Ujazo wa yai jipya ukilinganisha na la zamani ni takriban e kwa kipeo cha hasi 1/(2(n+1)). Ukiwa na vigeu 100, kila hatua inapunguza ujazo kwa nusu asilimia hivi. Nusu asilimia!

Sasa unataka yai lisinyae mara kumi kila upande, yaani upate tarakimu moja zaidi ya usahihi. Ujazo lazima upungue mara 10 kwa kipeo cha 100. Piga hesabu: 100 mara 2.3026 mara 202, ni hatua kama 46,500. Kwa tarakimu moja. Vigeu mia tu. Na katika kila hatua unasasisha matriki iliyojaa ya 100 kwa 100, hata kama vikwazo vyako vilikuwa na sifuri tele.

Na hili ndilo la msingi: ule uwiano wa kupungua unategemea n peke yake. Tatizo liwe rahisi, liwe gumu, yai linapungua kwa kasi ileile. Kwa hiyo ahadi ya Khachiyan ni ya kweli, na ndiyo hiyohiyo unayoipata kila siku. Elipsoidi haina siku nzuri. Simpleksi ahadi yake ni mbaya, lakini mwendo wake unafuata tatizo lilivyo.

Kokotoo · #14

Mzee hapo umenifungua macho. Nilikuwa nalinganisha ahadi na ahadi, kumbe moja inatimizwa kila mara na nyingine karibu haitimizwi kamwe. Lakini mbinu za ndani nazo ni za polinomia, na zenyewe ni za haraka. Zinaingia wapi?

MzeeMatriki · #15

Nazo zinaipita ahadi yake. Nadharia inazipa mizunguko inayokua kwa kipeuo cha pili cha n, ukizidisha na urefu wa data. Kazini utaona mizunguko makumi machache, tatizo liwe la vigeu elfu au milioni. Gharama yake iko ndani ya mzunguko: kila mmoja unadai kuchambua matriki kubwa moja, na ikijaa namba umekwisha. Pivoti ya simpleksi ni nyepesi, ila ni nyingi. Kwa hiyo mshindani wa kweli wa simpleksi ni hizi. Elipsoidi mwiteni kama shahidi tu.

DadaGrafu · #16

Naomba niwaharibie sherehe. Simpleksi siyo ya haraka kila mahali. Mimi modeli zangu ni za kugawa: kazi hii apewe nani, mashine hii ifanye nini. Chukua kazi 500 kwa watu 500. Kona yoyote ya tatizo hilo ina vigeu vya msingi 999, lakini 500 tu ndivyo vyenye thamani 1. Vilivyobaki 499 vimo kwenye msingi vikiwa sifuri.

Maana yake ni kwamba unafanya pivoti, kigeu kinaingia, kingine kinatoka, na wewe hujasogea hata kidogo. Umebadilisha jina la kona uliyosimama. Kwenye modeli yangu kubwa, logi ilikuwa inaonyesha lengo lilelile ukurasa baada ya ukurasa, huku namba ya pivoti inapanda. Nilipobadilisha kwenda mbinu ya ndani, lengo likaanza kusogea tangu mzunguko wa kwanza. Ilibidi nilipie muda wa mwisho wa kutafuta kona halisi kutoka kwenye jibu la ndani, lakini bado nilifaidika.

Dalili yake haijifichi: ukiona safu ya lengo kwenye logi imeganda na idadi ya pivoti inakimbia, umekwama kwenye kona yenye vikwazo vingi kupita kiasi.

Jedwali_Tupu · #17

Kwa hilo solva zina dawa yake. Zikiona zimekwama zinatikisa mipaka ya vikwazo, au gharama kwenye simpleksi ya duali, kwa kiasi kidogo sana cha kubahatisha, ili vilivyokutana mahali pamoja viachane. Zikimaliza zinaondoa mtikisiko na kusafisha kwa pivoti chache za mwisho. DadaGrafu, kwenye logi yako hukuona taarifa ya mtikisiko?

DadaGrafu · #18

Niliiona. Ilisaidia, haikutosha.

Wimbi_Tulivu · #19

Huo mtikisiko ndio jibu la swali la #1, nashangaa limechelewa kufika. Spielman na Teng, 2001. Wao walisema: mpe adui aandike tatizo baya kadiri anavyoweza, halafu mimi nitikise kila namba kwa kelele ndogo ya kubahatisha. Wakathibitisha kwamba baada ya kutikisa, wastani wa pivoti ni polinomia ya ukubwa wa tatizo na ya 1 gawanya kwa kiwango cha kelele. Yaani matatizo mabaya yamesimama kwenye ncha ya sindano, ukiyagusa yanaanguka. Data za duniani zina makosa ya vipimo, kwa hiyo zimekwishatikiswa kabla hazijafika kwako. Kazi hiyo ilipata tuzo ya Gödel mwaka 2008.

Kabla yao Borgwardt naye alishapata wastani wa polinomia kwa matatizo ya kubahatisha, lakini tatizo la kubahatisha halifanani na tatizo la mtu yeyote. Ubora wa Spielman na Teng ni kwamba wanabaki jirani na tatizo lako.

BiTarakimu · #20

Wimbi_Tulivu, naiheshimu sana kazi ile, lakini ina mambo mawili yanayonizuia kuiita jibu.

Kwanza, uthibitisho wao ni wa kanuni ya kivuli, ile inayofuata kingo za kivuli cha umbo kwenye bapa la dimensheni mbili. Sijui solva ya kazini inayotumia kanuni hiyo. Kokotoo anatumia nyingine.

Pili, kelele yao inagusa kila namba, pamoja na sifuri. Angalia modeli ya Kokotoo ya vikwazo 40,000. Bila shaka asilimia kubwa mno ya matriki yake ni sifuri, na sifuri hizo hazina kosa la kipimo. Mashine A haihusiani na ghala B, basi. Ukizitikisa umetengeneza tatizo lingine lililojaa namba, ambalo hakuna solva ingelipenda. Na modeli ya DadaGrafu ina 1 na 0 tupu, haina kelele hata chembe.

Wimbi_Tulivu · #21

La kanuni ya kivuli nakubaliana nawe. La sifuri nalipinga kidogo: Jedwali_Tupu ametuambia kwamba solva zenyewe zinatikisa mipaka na gharama. Siyo kelele ya uthibitisho, lakini ni mkono uleule. Watu wa solva waligundua dawa kwa uzoefu, nadharia ikaja kueleza kwa nini inaponya.

BiTarakimu · #22

Solva zinatikisa kwa sababu ya kuganda alikosema DadaGrafu. Hazitikisi kwa kuogopa Klee na Minty. Tusichanganye magonjwa mawili.

Mimi niwape maelezo ninayoyaona yana uzito zaidi, na yanatoka palepale kwenye mfano wa #3. Rudini kuangalia namba zake: kikwazo cha kwanza kinaishia 1, cha pili 100, cha tatu 10,000. Kanuni ya Dantzig ilidanganyika kwa sababu ya vipimo. Ile 100 ya x1 inaonekana kubwa, lakini x1 haiwezi kuzidi 1, na x3 yenye namba 1 inaweza kufika 10,000.

Sasa badilisha vipimo. Weka x1 = y1, x2 = 100 y2, x3 = 10,000 y3, kisha gawanya kikwazo cha pili kwa 100 na cha tatu kwa 10,000. Unapata:

```
ongeza:  100 y1 + 1000 y2 + 10000 y3
         y1                        <= 1
         0.2 y1 + y2               <= 1
         0.02 y1 + 0.2 y2 + y3     <= 1
```

Ni tatizo lilelile. Kanuni ileile ya Dantzig sasa inachagua y3 na kumaliza kwa pivoti moja.

Kitahara na Mizuno wana matokeo yanayoeleza hili. Chukua thamani kubwa kabisa na thamani ndogo kabisa isiyo sifuri ambazo vigeu vya msingi vinaweza kuwa nazo kwenye kona zote. Idadi ya kona tofauti ambazo kanuni ya Dantzig inapitia haizidi n mara m mara uwiano wa hizo mbili, na logi juu yake. Kwenye mfano wa kwanza uwiano ni 10,000 kwa 1. Baada ya kubadilisha vipimo, thamani zote zinakaa kati ya 0.8 na 1, uwiano ni 1.25. Umbo ni lilelile la kona nane, lakini ubaya umeyeyuka.

Matatizo ya watu wengi, hasa wakiandika kwa vipimo vya busara na solva ikapima upya yenyewe, uwiano huo ni mdogo. Hiyo ndiyo sababu ninayoiamini.

Pembetano · #23

Hapo nina swali. Je, ukipima upya unaweza kuponya *kila* mfano mbaya?

BiTarakimu · #24

Hapana. Kuna kanuni inayochagua kigeu kinacholeta faida kubwa zaidi kwa pivoti nzima, na hiyo haijali vipimo hata kidogo. Kwenye #3 ingemaliza kwa hatua moja. Mwaka 1973 Jeroslow akaitengenezea nayo mfano wa muda wa kipeo. Goldfarb na Sit wakafanya hivyo mwaka 1979 kwa kanuni ya ukingo mkali, ambayo ndiyo babu wa zinazotumika leo.

DadaGrafu · #25

Na mimi nina langu. BiTarakimu umesema *kona tofauti*. Mimi nilikuwa nimekwama kwenye kona moja. Uwiano wangu ni 1 kwa 1, mzuri kuliko wote, na bado niliteseka.

BiTarakimu · #26

Ni kweli kabisa. Matokeo yale hayahesabu pivoti zisizosogea. Kwenye modeli yako yananyamaza.

Nusukipenyo · #27

Kuna mahali nilisoma habari ya kanuni inayokumbuka: inaingiza kigeu kilichoingia mara chache zaidi. Kwenye #3, x1 iliingia na kutoka mara mbili, kwa hiyo kanuni ya namna hiyo ingeibana. Hiyo haikumaliza mjadala?

Wimbi_Tulivu · #28

Ni ya Norman Zadeh, ya 1980. Aliahidi dola 1,000 kwa atakayethibitisha kwamba ni ya polinomia au kuivunja. Ilisimama miaka thelathini na zaidi. Oliver Friedmann akaivunja mwaka 2011 kwa mfano uliojengwa kutokana na michakato ya uamuzi ya Markov, akachukua pesa yake. Mwaka huohuo yeye, Hansen na Zwick wakaonyesha kwamba hata baadhi ya kanuni za kubahatisha maarufu zinaweza kupelekwa mbali kupita polinomia.

Cha ajabu, palepale kwenye michakato ya Markov, Yinyu Ye alionyesha mwaka 2011 kwamba ukishikilia kiwango cha punguzo kisibadilike, simpleksi ya Dantzig ya kawaida ni ya polinomia hata bila kujali ukubwa wa namba. Aina moja ya tatizo, kanuni mbili, majibu mawili.

MzeeMatriki · #29

Na kama yupo mwenye algoriti yoyote ya polinomia ya programu za mstari ambayo hatua zake hazitegemei ukubwa wa namba, aitoe. Smale aliliweka swali hilo kwenye orodha yake ya matatizo ya karne hii, bado liko wazi. Simpleksi yenye kanuni ambayo haijagunduliwa bado inaweza kuwa ndiyo hiyo.

FundiRatiba · #30

Mimi naongeza kitu kimoja kinachosahaulika kuhusu mfano wa #3. Uandike kwa namna ileile hadi vigeu 20, upande wa kulia unafika 10 kwa kipeo cha 38. Kompyuta inabeba tarakimu kama 16. Zile hatua ndogo za mwanzo zinapotea zikiwekwa karibu na namba kubwa, na solva inakubali kosa la kiwango cha 1e-7 au karibu na hapo. Kwa hiyo mfano huo hauwezi hata kuingizwa kwenye solva ya kawaida ukabaki wenyewe.

Wimbi_Tulivu · #31

Ambayo ni kusema kwamba kompyuta yenyewe inatikisa. Narudi kwenye #19.

BiTarakimu · #32

Au ni kusema kwamba uwiano mkubwa hauingii kwenye mashine. Narudi kwenye #22. Na FundiRatiba, kuna mifano mibaya inayotumia namba ndogo kuliko hizo, usiilaze kesi kwa tarakimu peke yake.

Kokotoo · #33

Wakuu nashukuru sana. Nataka kuipima hoja ya BiTarakimu kwenye modeli yangu. Thamani kubwa na ndogo kwenye kona zote siwezi kuzipata, kona ni nyingi mno. Lakini naweza kusimamisha solva kila baada ya pivoti kadhaa, nikasoma vigeu vya msingi na kuandika uwiano wa kile kikubwa na kile kidogo. Hiyo itanionyesha chochote?

BiTarakimu · #34

Itakupa uwiano wa kona ulizopita, ambao hauwezi kuzidi ule wa kona zote. Ukiona ni mkubwa sana na bado pivoti ni chache, basi maelezo yangu hayatoshi kwa modeli yako, na ningependa kuiona logi hiyo. Zima upimaji upya wa solva kwanza, vinginevyo utasoma thamani za vipimo vyako huku solva inatembea kwenye vipimo vyake.

DadaGrafu · #35

Na uhesabu kando vigeu vya msingi vilivyo sifuri, usiviweke kwenye uwiano. Chochote kilicho chini ya 1e-9 kihesabu ni sifuri. Ukikuta ni nusu ya vikwazo vyako kama kwangu, hesabu pia pivoti ambazo lengo halikusogea, maana hizo hakuna aliyezieleza kwenye uzi huu.

Wimbi_Tulivu · #36

Ukimaliza, iendeshe mara nyingine gharama zote ukizizidisha kwa 1 jumlisha kelele ya 1e-6, sifuri ziache zilivyo. Pivoti zikipungua sana, tutaendelea kubishana na BiTarakimu tukiwa na namba mkononi.